Kutoka pua ya mtoto wa Pemba hadi jina kwenye boksi la chanjo

Mama mmoja amempakata mwanawe wa miaka minne kwenye benchi la kituo cha afya. Tuseme kituo kiko Pemba, upande wa Chake Chake. Mtoto ana homa tangu juzi, anakohoa, na pua haikauki. Amechomwa kidole, kipimo cha malaria kimeonesha hana. Zamani homa kama hii ingeitwa malaria na kutibiwa hivyo hivyo, lakini tangu maambukizi ya malaria Zanzibar yashuke hadi chini ya asilimia 1 ya watu, homa nyingi zinazofika kituoni zina asili nyingine, na kwa watoto wadogo mara nyingi asili hiyo ni virusi vya njia ya hewa.

Kwa mama, neno "mafua" linamaliza habari. Atapewa dawa ya kushusha homa, ataambiwa amnyweshe mtoto maji mengi na arudi haraka akiona anapumua kwa shida. Kwa watu wanaofuatilia mafua yale yanayoletwa na kirusi cha influenza, habari ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu ndani ya pua hiyo huenda mna kirusi kipya ambacho chanjo ya mwaka ujao itatakiwa ikijue.

Nitaifuata sampuli ya mtoto huyu hatua kwa hatua, kama vile kituo hiki kingekuwa miongoni mwa vile vilivyoteuliwa kuchukua sampuli za mafua. Jambo moja naomba msomaji alishike tangu sasa. Sampuli hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuhesabu: je, mafua yapo, ni ya aina gani, yanapanda au yanashuka? Ya pili ni kukipima kirusi chenyewe dhidi ya chanjo iliyopo. Kazi ya kwanza inaweza kufanywa hata kwa kirusi kilichokufa. Ya pili kwa kawaida inahitaji kirusi kilicho hai, na hapo ndipo matatizo mengi yanapojitokeza.

Si kila anayepiga chafya huchukuliwa sampuli. Shirika la Afya Duniani limeweka kigezo kinachotumika nchi nyingi: mgonjwa awe na joto lililopimwa la nyuzi 38 au zaidi, awe anakohoa, na maradhi yawe yameanza ndani ya siku 10 zilizopita. Kwa waliolazwa hospitali kigezo kinalegezwa kidogo: akieleza kwamba alikuwa na homa inatosha, hata kama joto limeshashuka. Kigezo hiki hakikusudiwi kumtambua kila mwenye mafua. Wazee wengi huugua mafua bila ya joto kupanda, na hao wanapita nje ya wavu. Kinachotakiwa ni kwamba wavu uwe na matundu ya ukubwa ule ule Pemba, Nairobi na Oslo, ili hesabu za wiki hii ziweze kulinganishwa na za wiki ijayo na za nchi nyingine.

Kosa la kwanza hutokea hapa, na huwa linafanywa kwa nia njema. Muuguzi mwenye huruma huchagua watoto waliozidiwa, au huchukua sampuli siku kituo kinapokuwa kitupu tu. Matokeo yake ni picha ya waliozidiwa, au picha ya siku zenye nafasi. Dawa yake ni kanuni kavu isiyoangalia sura ya mtu: kwa mfano, wagonjwa wawili wa mwanzo wa kila siku wanaotimiza kigezo, basi. Na lazima iandikwe idadi ya wote waliofika kituoni wiki hiyo. Kituo kikichukua sampuli 40 kwa mwezi na 10 zikawa na mafua, tunasema asilimia 25. Mwezi unaofuata zikiwa 10 tena lakini kati ya sampuli 20, mafua yamefika asilimia 50 ya waliopimwa. Anayeripoti ile 10 peke yake atasema hakuna kilichobadilika.

Turudi kwa mtoto wetu. Muuguzi anamweleza mama bila ya kumficha: "Mama, hichi kipimo hakitambadilishia dawa mwanao leo. Majibu yatachelewa. Tunataka kujua mafua gani yanatembea huku kwetu." Mama ana haki ya kukataa. Akikubali, anamshika mtoto kichwa.

Kijiti kinachoingia puani watu wanakiita cha pamba, lakini hakitakiwi kuwa na pamba wala mpini wa mti, kwani vitu hivyo vinaweza kuzuia kemikali za kipimo zisifanye kazi. Ncha huwa ya nyuzi za nailoni au polista, na mpini ni wa plastiki. Waliopimwa korona uwanja wa ndege wanakikumbuka. Kinapitishwa ndani ya pua, upande wake wa chini, kwenda nyuma, sambamba na kaakaa na si kuelekea juu machoni, hadi kigote nyuma ya pua. Kinaachwa sekunde chache kifyonze, kinazungushwa taratibu, kinatolewa. Anayeogopa machozi ya mtoto akaishia mlangoni mwa pua atapata kamasi yenye chembe chache, na maabara itasema "hakuna mafua" wakati mafua yapo.

Kijiti kinatumbukizwa ndani ya kichupa chenye maji ya waridi. Maji hayo yana chumvi, protini kidogo ya kukilinda kirusi, na dawa za kuua bakteria na ukungu ili visije vikaota njiani. Kutoka hapo kichupa kinatakiwa kikae baridi ya nyuzi 2 hadi 8, yaani ndani ya friji ya kawaida, na kifike maabara ndani ya saa 72.

Nitakaa kidogo kwenye friji, kwa sababu hapa ndipo nilipoona kazi nyingi nzuri ikiharibika. Mtu anaona boti ya kesho haiendi, bahari ya kusi imechafuka, na saa 72 zitapita. Akili inamwambia agandishe, kama tunavyogandisha samaki. Anakiweka kichupa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kumbe hiyo ndiyo baridi mbaya kuliko zote kwa kirusi cha mafua. Maji yanaganda polepole, na kirusi, chenye ngozi laini ya mafuta, hakistahimili kuganda kwa namna hiyo. Kama saa 72 haziwezekani, kinachofaa ni friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri au zaidi, au naitrojeni ya maji, ambayo vituo vingi vya shamba havina. Lisipopatikana hata moja kati ya hayo, ni afadhali sampuli ichelewe siku moja ndani ya friji ya kawaida kuliko kugandishwa vibaya.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani. Maabara ikipima, kipimo kinaweza bado kusema "mafua yapo", kwa sababu kinatafuta vipande vya vinasaba na vipande hivyo havihitaji kirusi kiwe hai. Kila mtu anafurahi. Ni wiki kadhaa baadaye, wanapojaribu kukiotesha na hakioti, ndipo inapojulikana. Ishara ya kutazama ni hii: kama sampuli za kituo fulani zinatoka na mafua kwa wingi lakini hazioti, huku za kituo jirani zinaota, usiwalaumu mafundi wa maabara kwanza. Nenda kaulize friji.

Kichupa kinasafiri ndani ya boksi la baridi, kwa boti hadi Unguja kisha Dar es Salaam, kwenye maabara ya taifa yenye dhamana ya mafua. Huko kinapimwa kwa PCR. Mashine hutafuta kipande cha vinasaba vya mafua na kukizidisha maradufu, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kiwe kingi kiasi cha kuonekana. Nambari ya mzunguko ambao kirusi kilionekana ndiyo inayosema kilikuwa kingi kiasi gani mwanzo. Kilichoonekana mzunguko wa 22 kilikuwa kingi sana. Kilichoonekana mzunguko wa 32 kilikuwa kidogo mara elfu moja hivi, kwa kuwa kuzidisha maradufu mara 10 ni 1,024. Sambamba na hayo mashine hutafuta kinasaba cha binadamu. Kisipoonekana, ina maana kijiti hakikugusa chochote cha maana, na jibu la "hakuna mafua" halihesabiki.

Mafua yakionekana, swali linalofuata ni aina: A au B, na kama ni A, ni H1 au H3, aina ndogo mbili za A zinazozunguka kila mwaka kwa binadamu. Majibu haya, yakiunganishwa kwa wiki, huingizwa katika kanzi ya dunia iitwayo FluNet, ambako yeyote mwenye intaneti anaweza kuyaona.

Mara chache sana hutokea A ambayo si H1 wala H3, na kirusi ni kingi cha kutosha kiasi kwamba huwezi kusingizia sampuli dhaifu. Jibu hilo huamsha watu usiku. Aprili 2009 sampuli za watoto wawili wa California, mvulana wa miaka 10 na msichana wa miaka 9, zilitoka hivyo: mafua A yasiyotambulika aina. Zilipochunguzwa kwenye maabara kuu ya Marekani iliyoko Atlanta zikakutwa na kirusi kipya chenye asili ya nguruwe, na Juni ya mwaka huo lilitangazwa janga la dunia. Hawakuwa mahututi. Walikuwa watoto wenye homa na kikohozi, kama huyu wetu wa Chake Chake.

Mtoto wetu, tuseme, ana H3, na kirusi chake kilionekana mzunguko wa 24. Kazi ya kuhesabu imekwisha. Sasa ya pili.

Tangu 1952 dunia ina mtandao wa maabara za mafua chini ya Shirika la Afya Duniani. Maabara za taifa ziko katika nchi zaidi ya 100, na juu yake kuna vituo vikuu vichache, vikiwemo vya Atlanta, London, Melbourne, Tokyo na Beijing. Maabara ya taifa huchagua baadhi ya sampuli na kuzipeleka huko ndani ya barafu kavu. Zinazofaa ni za karibuni, zenye kirusi kingi, zinazotoka umri na sehemu tofauti, pamoja na yoyote iliyoonekana ya ajabu. Yetu inafaa, mradi haikupitia ile friza.

Kituo kikuu hukiotesha kirusi, husoma vinasaba vyake vyote, kisha hukipima kwa njia ya zamani ambayo bado naiona nzuri kwa wepesi wake. Kirusi cha mafua kina vishikizo juu ya ngozi yake, na vishikizo hivyo hunasa chembe nyekundu za damu. Ukichanganya kirusi na damu kwenye kitundu cha sahani ya plastiki, chembe zinashikana na kutanda kama utando. Bila ya kirusi, chembe zinazama na kufanya nukta nyekundu chini. Sasa tia maji ya damu ya mnyama aliyewahi kuugua kirusi cha chanjo. Mnyama huyo ni feriti, wa jamii ya kicheche, anayetumika kwa sababu huugua mafua kwa namna inayofanana na yetu. Kama kinga ya feriti inakitambua kirusi cha mtoto wetu, inaziba vishikizo, na nukta inarudi. Kama haikitambui, utando unabaki.

Kinga hiyo huongezwa maji hatua kwa hatua: mara 10, mara 20, 40, na kuendelea. Tuseme kirusi cha chanjo chenyewe kinazibwa hadi kinga ikiwa imeongezwa maji mara 1,280. Kirusi cha mtoto kikizibwa hadi 1,280 au 640, ni ndugu. Tofauti ya hatua moja ni kawaida ya kipimo. Kikizibwa hadi 160 tu, kimeporomoka mara nane, na mezani hilo ni neno zito: kinga iliyojengwa na chanjo haikioni vizuri. Kirusi kimoja cha namna hiyo si habari. Vikianza kuja vingi, kutoka nchi zisizopakana, na vinasaba vikaonesha badiliko lile lile mahali pale pale kwenye kishikizo, hiyo ni habari.

Siku hizi kusoma vinasaba kunaweza kufanywa hata kwa sampuli ambayo haioti, na watu wengine husema sahani na feriti zimepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Vinasaba vinakwambia herufi imebadilika. Sahani inakwambia kama kinga imejali badiliko hilo. Ingawa ni kweli pia kwamba vipo virusi vya H3 vya miaka ya karibuni ambavyo havishiki chembe za damu vizuri, na kwa hivyo vituo vikuu hulazimika kutumia kipimo kingine kirefu zaidi cha kuona kama kinga inazuia kirusi kuambukiza chembe hai.

Mara mbili kwa mwaka wataalamu wa vituo hivi hukaa na kuchagua. Februari wanachagua chanjo ya msimu ujao wa nusu ya kaskazini ya dunia, na Septemba ya nusu ya kusini. Wanachagua mapema hivyo kwa sababu ya kiwanda. Chanjo nyingi bado huoteshwa kwenye mayai ya kuku, na kutoka uamuzi hadi dozi sindanoni hupita miezi 6 hadi 8. Anayechagua Februari anachagua kwa ajili ya baridi ya Desemba.

Mwaka 2014 unaonesha gharama ya muda huo. Februari mwaka huo walibakisha kirusi cha H3 kiitwacho A/Texas/50/2012, kwa kuwa vilivyokuwa mezani vilikuwa bado vinafanana nacho. Virusi vya H3 vilivyobadilika vilianza kutambuliwa Machi, mwezi mmoja tu baada ya mkutano. Badiliko kubwa lilikuwa mahali pa 159 kwenye kishikizo, pale hasa kinga inaposhika. Miezi ikapita, vikaongezeka. Septemba, wataalamu walipokaa kwa ajili ya nusu ya kusini, waliviona na wakabadilisha: wakachagua A/Switzerland/9715293/2013. Lakini chanjo ya kaskazini ilikuwa imeshatengenezwa, na mayai hayarudi nyuma. Kufikia mwanzoni mwa Desemba, Marekani iliripoti kwamba zaidi kidogo ya nusu ya virusi vya H3 vilivyopimwa vilikuwa vimeachana na chanjo, na mwisho wa msimu ilikuwa zaidi ya asilimia 80. Chanjo ya msimu ule ilizuia mafua kwa kiasi cha asilimia 19 tu.

Wengi wakasema wataalamu walikosea. Ukifuata tarehe, utaona walichagua kwa haki kutokana na kile kilichokuwa mbele yao. Sampuli zenye kirusi kilichobadilika zilikuwa chache mno Februari. Mafua hayazaliwi siku yanapotambuliwa. Kirusi kile kilikuwa mahali fulani, puani mwa watu fulani, wiki na miezi kabla ya Machi. Wapi? Huwezi kukiona mahali ambapo hakuna anayechukua sampuli, au zinachukuliwa na kufia friza. Miaka mitano baadaye, Februari 2019, wataalamu walijifunza kusubiri kidogo: waliahirisha uamuzi wa H3 kwa takribani mwezi mmoja, wakitaka virusi zaidi, kisha wakachagua A/Kansas/14/2017.

Hapa nchi za karibu na ikweta zina nafasi ya pekee. Ulaya ina msimu mmoja wa mafua, wakati wa baridi, na kiangazi vijiti havichukui kitu. Kwetu mafua hayana mlango mmoja wa kuingilia mwaka. Yanaweza kupanda zaidi ya mara moja, na katikati hayapotei kabisa. Kwa hiyo sampuli zetu za Juni au za Novemba zinaziba mapengo ya wengine. Na Zanzibar kuna sababu nyingine, wageni. Mtalii anayeshuka uwanja wa ndege wa Kisauni na mafua ya Milan au Warsaw anakaa meza moja na mhudumu wa hoteli anayerudi jioni kwao Nungwi au Paje. Kanuni ya kuchukua sampuli mwaka mzima, hata wiki ambazo hakuna kinachotoka, inatokana na hayo. Wiki ya sifuri ni taarifa kamili, tofauti na wiki ambayo hakuna aliyechukua sampuli, na fomu ikiachwa wazi hakuna awezaye kuzitofautisha.

Mama wa Chake Chake hatapata chanjo hii. Chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wetu, na hilo ni jambo linaloniuma, kwamba pua inatoa na mkono haupokei. Mgogoro huo una historia: mwaka 2007 Indonesia ilisita kutoa virusi vyake vya mafua ya ndege, ikisema chanjo inayotokana navyo huuzwa kwa bei ambayo yenyewe haiwezi kuimudu. Mwaka 2011 nchi za dunia zikakubaliana mfumo unaoyataka makampuni yanayotumia virusi vya mtandao huu yachangie fedha, na yatenge sehemu ya chanjo kwa wasio nacho likija janga. Makubaliano hayo yanahusu mafua yenye uwezo wa kuleta janga. Mafua ya kila mwaka hayamo.

Wanaokutana na chanjo ya mafua zaidi hapa kwetu ni mahujaji, na kwao nina jambo la kutazama kwenye boksi. Hija hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kizungu, na miaka hii inaangukia Mei na Juni, mwisho kabisa wa maisha ya chanjo ya kaskazini, ambayo kwa kawaida humaliza muda wake Juni 30. Chanjo ya kusini ya mwaka huo huwa imeshatoka, na ina virusi vilivyochaguliwa miezi saba baadaye, Septemba badala ya Februari. Boksi la kaskazini huandikwa miaka miwili, kama 2025/2026. La kusini huandikwa mmoja. Muulize anayekuchoma ni lipi, na tarehe yake ya mwisho ni ipi. Penye orodha ya virusi utaona majina yenye mikwaju: aina, mahali sampuli ilipochukuliwa, nambari yake maabara, mwaka. Chanjo ya Marekani ya msimu wa 1995 hadi 1996 ilikuwa na A/Johannesburg/33/94. Mtu fulani wa Johannesburg aliugua mafua mwaka 1994, akachukuliwa sampuli, na kirusi chake kilifika maabara kikiwa hai.